Kipande cha kanga au kidole gumba: kipi kimtulize mtoto aliyevuka mwaka?

Mtazame mtoto wa mwaka na miezi anaponyonya huku usingizi unamchukua. Mdomo uko ziwani, lakini mkono nao una shughuli yake: unasokota pindo la kanga ya mama, unamvuta sikio, au umelishika ziwa la pili kama vile kuna mtu anataka kuliiba. Kwa hiyo siku mama anapoanza kumwachisha, anaporudi kazini zamu ya usiku, au anapomhamishia kitanda cha pembeni, mtoto anapoteza vitu viwili kwa mpigo, cha mdomoni na cha mkononi.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama. Wengine wanataka kumzoesha kitu laini cha kulala nacho, kitambaa au mdoli. Wengine wanaona mtoto ameshajitafutia dawa yake mwenyewe, kidole gumba kinywani, na wanajiuliza kama wamwache au wamtoe. Mimi nimepita pote pawili. Mwanangu wa kwanza alikuwa mtu wa kidole mpaka akaribie miaka sita. Mdogo wake hakuwahi kunyonya kidole, ila alipofika miezi 14 ilinibidi nirudi zamu za usiku, tukamzoesha kipande cha kanga. Kila mmoja alinipa usingizi na kila mmoja alinipa kazi, ila kazi zenyewe hazikufanana.

Mama mkwe wangu alipoona kile kipande alicheka, akasema hayo ni mambo ya wazungu. Hakukosea sana. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, ndiye aliyelipa jambo hili jina katika miaka ya 1950 mwanzoni, akieleza kwamba kile kitambaa au mdoli humsaidia mtoto kuvuka kutoka kwa mama kwenda kwenye dunia isiyo mama. Na ni kweli kwamba pale watoto wanapolala ubavuni mwa mama na kunyonya usiku kucha, hicho kitu hakionekani sana. Hakina kazi, mama mwenyewe yupo. Kazi yake huanza usiku ule ambao mama hayupo.

Tutalinganisha kwa vipimo gani

Nitatumia vipimo sita, vilevile kwa vyote viwili: namna mtoto anavyozoea, usalama wake usiku, kama kinapatikana saa ya shida, usafi, meno, na namna ya kuachana nacho baadaye. Bei sikuiweka, maana kidole ni bure na kanga kuukuu iko kila nyumba.

Jambo moja kabla ya yote. Haya ni ya mtoto aliyetimiza miezi 12. Chini ya hapo, kidole hakina tatizo, lakini kitambaa, mto au mdoli haviruhusiwi pale anapolala, kwa sababu mtoto mchanga kikimfunika pua hawezi kukiondoa. Ukimkuta mtu anamlaza mtoto wa miezi mitano na tedi, mwambie alitoe. Kama mtoto alizaliwa njiti au anachelewa kukaa na kugeuka, usihesabu miezi peke yako, ulizia kliniki kwanza.

Kumzoesha

Vitu hivi viwili si ndugu wa kulingana. Kitambaa unaweza kukileta wewe. Kidole huwezi, unaweza tu kukiruhusu.

Kunyonya kidole huanza mapema mno, wengine huonekana wakifanya hivyo tumboni kwenye ultrasaundi. Mtoto atakayekuwa mtu wa kidole kwa kawaida huwa ameshajijua katika miezi ya mwanzo. Wangu alikipata akiwa na miezi mitatu, na tangu hapo nilikuwa namlaza, nageuka, nasikia *nyu, nyu, nyu*, kisha kimya. Mtoto wa miezi 14 ambaye hajawahi kunyonya kidole, ukimtia gumba lake kinywani atakucheka au atakung'ata. Nimejaribu kwa wa pili, usiku mmoja wa kukata tamaa. Alikitoa, akakitazama, akanitia mimi mdomoni.

Kwa hiyo swali la kidole ni la mzazi ambaye mtoto wake tayari ananyonya: nimwache, au nimhamishie kwenye kitu kingine?

Kitambaa nacho hakiji kwa siku moja, na hapa nitaeleza tulivyofanya hatua kwa hatua, kwa kuwa wengi huishia kumkabidhi mtoto mdoli mpya wa dukani saa ya kulala, mtoto anautupa, wanasema mwanetu hataki.

Nilichukua kanga yangu ya pamba iliyofuliwa mpaka imelainika, ile niliyokuwa najifunga wakati wa kumnyonyesha. Nikakata vipande vinne vya kama sentimita 30 kwa 30, fundi cherehani akapiga ovaloki pembeni kote. Ovaloki si urembo. Uzi unaochomoka unaweza kujizungusha kidoleni kwa mtoto usiku na kuzuia damu, na asubuhi unakuta kidole kimevimba na kubadilika rangi. Vipande vyote vinne nililala navyo ndani ya blauzi siku tatu ili vishike harufu yangu.

Wiki ya kwanza sikubadilisha chochote. Alinyonya kama kawaida, ila kila anaponyonya kipande kilikuwa kati yake na mimi, mkononi kwake, mahali pale alipozoea kusokota pindo. Wiki ya pili kilianza kutokea mchana pia: akilala, akianguka na kulia, akitoka kuchomwa sindano. Hapo kuna kosa moja la kuepuka. Kipande hupewa pamoja na kukumbatiwa, si badala yake. Ukimtupia kitambaa na kwenda zako, atakijua kama dalili ya kuachwa. Wiki ya tatu nilifupisha kunyonya kwa usiku, nikawa namtoa ziwani akiwa bado hajazama, namwachia kipande, nampiga mgongo polepole. Baada ya hapo dada wa kazi akaanza kumlaza yeye, nami nikiwa chumba cha pili.

Nilijua kimeshika siku ya kumi na saba. Aligombana na paka, akalia, akanipita mimi mlangoni, akaenda kitandani, akarudi na kipande amekibana puani. Dalili ni hiyo: anakitafuta mwenyewe, na ana namna yake ya kukishika, ama anakipitisha mdomoni, ama anasugua kona moja kwa vidole.

Mwezi ukipita na bado anakitupa, acha. Si kila mtoto ana haja nacho. Na usianze wiki ileile unayomwachisha ziwa au anayoanza dei kea. Kipande kinatakiwa kizoeleke wakati wa amani ili kifae wakati wa vita.

Usalama usiku

Kidole hakina la kusema hapa. Hakimfuniki uso, hakimkabi, hakitoki vipande.

Kitambaa kina masharti. Kanga nzima ni kama mita moja na nusu kwa urefu, inatosha kujizungusha shingoni, ndiyo maana tunakata. Kisiwe na kamba wala utepe, kisifungwe kwenye kitanda wala kwenye neti, na kisibanwe nguoni kwa pini. Wapo wanaokifunga shingoni kwa mtoto kama bibu ili kisipotee, hiyo iondoe kabisa.

Mdoli ndio unaotaka macho makali zaidi, hasa tedi za mitumba. Vuta macho yake kwa nguvu zako zote, vuta na pua. Kikitoka kitu, au kikilegea, ling'oe kabisa na utarize macho kwa uzi. Kitu chochote kinachopenya kwenye lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha kinaweza kumkaba mtoto wa umri huu. Bonyeza tumbo: ukisikia punje ndani, za plastiki au za maharage, usimpe kulala nao, mshono ukiachia zitamwingia kinywani. Na kwa joto la Pwani, tedi la manyoya mazito humtoa jasho usiku kucha. Kwetu kitambaa cha pamba kilishinda kwa hilo tu.

Saa ya shida

Hapa kidole kina raha yake. Umeme umekatika, saa nane usiku, mtoto ameshtuka: mkono uko palepale. Watoto wote huamka mara kadhaa usiku kwa sekunde chache kati ya usingizi na usingizi, na mtu wa kidole hurudi kulala kabla hujajua kwamba aliamka. Safarini, msibani, hospitalini, kidole hakisahauliki nyumbani.

Kitambaa hupotea. Chetu kiliachwa kwenye daladala, tukigombea kushuka na mizigo ya sikukuu. Nilikuwa na vipande vingine vitatu kabatini nikajiona mjanja. Nikampa kimoja, akakinusa, akakitupa. Vilikuwa safi, vina harufu ya kabati. Tulilala saa tisa. Siku ya pili nilivilalia vyote vitatu, na baada ya hapo nikavizungusha, leo hiki kesho kile, ili vichakae na kunuka sawasawa. Hilo ndilo nililotakiwa kufanya tangu mwanzo. Akiba isiyonuka si akiba.

Jambo lingine tulilojifunza: usiku viweke vyote ndani ya neti, kimoja hapa, kingine pale. Mtoto anayepapasa gizani akakuta kimoja hataamsha nyumba.

Usafi

Kitambaa hufuliwa, kidole huoshwa, na kwa umri ambao mtoto ametoka kutambaa na anaokota kila kitu, kidole ndicho chenye kazi kubwa.

Mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo, hasa panapocheza watoto wengi na vyoo si vizuri. Mtu wa kidole huyapeleka moja kwa moja kinywani. Dawa si kumfunga mkono. Ni kumnawisha kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, kila akitoka chooni au nje, na kucha fupi muda wote. Halafu usiruke dawa ya minyoo, ambayo kliniki huitoa kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja. Ngozi ya gumba nayo itazame: ikibabuka na kuuma pembeni mwa ukucha, ikavimba na kuwa na usaha, huo ni mdudu wa kidole, mpeleke kituo cha afya, usiupasue nyumbani.

Kuna jambo la kuchekesha kwa upande wa kidole. Watafiti wa Nyuzilandi wamefuatilia watoto waliozaliwa mji wa Dunedin mwaka 1972 na 1973, na mwaka 2016 walitoa matokeo yanayoonyesha kwamba waliokuwa wakinyonya vidole au kung'ata kucha utotoni walikuwa na mzio mdogo zaidi kwenye vipimo vya ngozi wakiwa na miaka 13. Pumu na mafua ya mzio hayakutofautiana. Wao wenyewe hawakuwashauri wazazi kuwafundisha watoto kunyonya kidole, nami sikushauri. Lakini bibi anayedhani kila kidole kinywani ni ugonjwa, anaweza kutulizwa kwa habari hiyo.

Kitambaa fua kila siku mbili tatu kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali, maana ukifuta harufu umefuta kazi yake. Fua kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja. Anika kambani juani, usitandaze kwenye majani, kisha piga pasi ya moto pande zote. Yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta kama jipu. Kitambaa kinachokaa shavuni usiku kucha ndicho cha mwisho kuachwa bila pasi.

Meno

Hapa ndipo wazazi wanapoogopa zaidi, na mara nyingi wanaogopa mapema mno.

Kidole kinyonywapo kwa nguvu husukuma meno ya mbele ya juu yatoke nje, na ya chini yaelekee ndani. Mashavu nayo, yakivutwa kila mara, hubana taya la juu likawa jembamba. Matokeo unayoyaona kwa macho ni kwamba mtoto akiuma meno ya nyuma, ya mbele hayakutani, kunabaki dirisha la mviringo lenye umbo la gumba. Lakini si kila kidole kina madhara sawa. Kinachohesabika ni nguvu, saa ngapi kwa siku, na miaka mingapi. Mtoto anayepumzisha gumba kinywani bila kulivuta, akisinzia linaanguka, ni tofauti na yule unayemsikia kutoka sebuleni na ukilitoa linalia *po!*

Namna ya kujua nyumbani ni kulitazama gumba lenyewe. Likiwa limekunjamana baada ya usingizi tu na kisha likarudi kawaida, ni mnyonyaji mwepesi. Likiwa na sugu mgongoni, jeupe na safi kuliko vidole vingine mchana kutwa, huyo anafanya kazi ya zamu mbili.

Wangu wa kwanza alikuwa na sugu. Alipofikisha miaka minne dirisha lilionekana, ncha ya ulimi ikipita akisema "sisi". Daktari wa meno alimkagua, akaniambia haya ni meno ya utoto, tumpunguzie mchana kwanza, tumsaidie aache kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota, yaani kabla ya miaka sita hivi. Aliacha akiwa na mitano na nusu, na lile dirisha lilijifunga lenyewe taratibu bila chuma. Hiyo ndiyo kawaida ya dirisha la mbele mtoto akiacha mapema. Taya lililobanwa likawa jembamba halirudi kirahisi hivyo, kwa hiyo ukaguzi kwenye miaka mitatu minne haupotezi kitu.

Kitambaa hakisukumi meno, isipokuwa kwa mtoto anayekitafuna mpaka kinalowa, naye anahitaji tu kubadilishiwa mara kwa mara. Ila vyote viwili, kidole na kitambaa, ni heri mara kumi kuliko chupa ya maziwa au juisi anayolala nayo mdomoni. Hiyo huozesha meno ya mbele, na kuoza hakujifungi kwenyewe.

Kuachana nacho

Kitambaa kiko mikononi mwako. Unaweza kusema kinakaa kitandani tu, hakitoki nje ya chumba. Unaweza kukikata kila baada ya miezi mpaka kikawa kona ndogo mfukoni. Watoto wengi hukisahau polepole wakianza kucheza na wenzao, na anayekitaka akiugua hata akiwa na miaka sita hana ugonjwa wowote. Kosa ni kumtishia kukichoma au kukificha ghafla. Utakuwa umemfundisha kukishika kwa nguvu zaidi.

Kidole hukifichi. Habari njema ni kwamba wengi huacha wenyewe kati ya miaka miwili na minne, kwa hiyo mtoto wa mwaka na nusu hana la kuachishwa. Mambo huharibika pale watu wazima wanapoharakisha. Kwetu ilikuwa shubiri. Mtoto akaonja, akakunja uso, akahamia gumba la mkono wa pili. Safari iliyofuata, nikiwa kazini, mtu wa nyumbani akapaka pilipili. Mtoto alijisugua macho kwa mkono uleule. Nilirudi nikakuta amevimba kope, na wiki nzima alinyonya kuliko kabla, kwa sababu sasa alikuwa na sababu zaidi ya kujituliza. Pilipili usipake, hata kama na wewe ulipakwa.

Kilichotusaidia kilikuwa cha kuchosha tu. Akiwa na miaka mitano tulikubaliana naye, yeye mwenyewe akitaka. Tukaanza na mchana, tukitazama ni saa ngapi kidole kinaingia: mbele ya televisheni na kwenye gari. Hapo akawa na kitu cha kushika. Mchana ulipokwisha tukaenda usiku, akafungwa plasta gumbani aliyoichagua rangi, si kama adhabu, bali kumkumbusha akiwa usingizini. Kila asubuhi plasta ikiwa kavu anachora nyota kwenye kalenda. Ilichukua kama wiki saba, na mara mbili tulirudi nyuma alipopata homa.

Wako pia watoto wanaofanya vyote: kitambaa kinagusa pua, gumba linaingia lenyewe, kimoja kinaita kingine. Kwa mtoto wa namna hiyo, muda wa kuacha ukifika, kupunguza kitambaa mara nyingi hupunguza na kidole. Kwa hiyo usijione umeshindwa ukimwona na vyote viwili, una mpini wa kushikia.

Kipi, kwa nyumba ipi

Mtoto ananyonya kidole tayari, ana chini ya miaka mitatu, anakua vizuri na mchana anacheza: mwache. Nguvu zako zipeleke kwenye kunawa, kucha na dawa ya minyoo. Ukipenda, mpe kipande cha kanga cha kushika mkononi sasa, kitakufaa baadaye.

Hanyonyi kidole, na wewe unakaribia kuachisha au kurudi kazini: kipande cha kanga, anza wiki tatu nne kabla, si usiku wa tukio. Mtazame kwanza anaponyonya. Akiwa ni mtu wa mkono, anayesokota na kushika, kipande kitamkaa haraka. Akiwa ni mtu wa mdomo, aliyetulia mikono yote na anavuta tu, kitachukua muda mrefu zaidi, na huenda akataka kona ya kunyonya.

Nyumba ina watoto wengi, vitu hupotea, mlezi hubadilika mara kwa mara: kitambaa kitakuwa ugomvi kama hakuna mtu mmoja anayekisimamia. Kama kidole kipo, kimeshakurahisishia. Kama hakipo, mlezi mmoja apewe kazi ya vipande, na vikae ndani ya neti tu.

Anaingia dei kea: uliza kwanza kama wanaruhusu kitu cha nyumbani, na kama kila mtoto analala na chake. Kitambaa cha kuchangia ni mafua ya kuchangia. Kiandike jina, na kile kipenzi zaidi kibaki nyumbani.

Ana miaka minne na zaidi, gumba lina sugu au meno ya mbele hayakutani: usiache tena lijiendee, mpeleke kwa daktari wa meno.

Ananyonya kidole mchana kutwa, hachezi, hali, au ameanza ghafla akiwa mkubwa baada ya mabadiliko nyumbani: hapo si suala la kidole. Tafuta kinachomsumbua, anzia kliniki, na uulize pia aliyekuwa naye mchana.

Na yupo wa mwisho, ambaye hana kidole, hataki kitambaa, mdoli ameutupa chini ya kitanda, lakini analala fofofo ubavuni mwa bibi akiwa ameshika ncha ya sikio lake. Huyo ameshapata chake. Mwulize bibi tu kama sikio halimuumi.